Bega linapouma mkono ukipanda juu: kupumzika tu hakutoshi, misuli inahitaji kazi kidogo kidogo

Fundi anayepaka rangi ya plafo, mama anayeinua beseni ya ndizi hadi kichwani, mwalimu anayeandika juu ya ubao, kijana anayepakia magunia kwenye gari kubwa: kila mmoja wao anaweza kufikiwa na siku ambapo mkono unakataa kupanda. Haukatai moja kwa moja. Unapanda vizuri hadi karibu na usawa wa bega, halafu maumivu yanachoma upande wa nje wa mkono. Mtu akivumilia na kuupitisha hapo, maumivu yanapungua mkono unapofika juu kabisa. Wakati wa kuushusha, yanarudi mahali palepale. Usiku, kulalia upande huo kunakuwa shida.

Mjini Bukavu, Goma, Uvira au Butembo, wengi wenye maumivu haya hufuata moja ya njia tatu. Wapo wanaosugua bega kwa pomada ya moto. Wapo wanaokwenda farmasi kununua diklofenaki na kuimeza hadi pakiti iishe. Na wapo wanaofunga mkono kwa kitambaa na kungoja. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kungoja kuna bei yake: kapita hamweki mahali mtu asiyeweza kushika rulo juu ya kichwa.

Lakini ugonjwa huu una matibabu yaliyopimwa vizuri, na vifaa vyake karibu havina gharama: mkanda wa mpira uliokatwa katika mpira wa ndani wa tairi, chupa ya maji, kitambaa cha mikono na ukuta. Kinachohitajika zaidi ni majuma kumi na mawili na kipimo sahihi. Mtu akifanya kidogo mno, bega halipati nguvu. Akifanya mno, linawaka upya. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Kinachouma ni nini?

Bega ni kiungo chenye uhuru kuliko viungo vyote vya mwili, na uhuru huo una sababu. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo na ni kikubwa, lakini mahali kinapokaa, kwenye mfupa wa bapa la bega, ni padogo na hapana kina. Ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe cha chai. Mfupa peke yake hauwezi kulizuia chungwa hilo lisiteleze.

Kazi ya kulizuia inafanywa na misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa la bega. Kano zake zinakizunguka kichwa cha mfupa kama mkono wa shati unavyozunguka kiwiko. Mmoja unapita juu na kusaidia kuinua mkono, miwili iko nyuma na inazungusha mkono kwenda nje, na wa nne uko mbele na unauzungusha kwenda ndani. Yote minne kwa pamoja inalikandamiza chungwa katikati ya kisahani wakati misuli mikubwa ya nje inapoinua mkono.

Kano inayopita juu ndiyo inayopata taabu zaidi. Inapita katika nafasi nyembamba chini ya ncha ya mfupa wa bapa, ile ncha ngumu ambayo mtu anaigusa juu ya bega lake mwenyewe. Kati ya kano na mfupa kuna kifuko chembamba chenye majimaji kidogo kinachosaidia mtelezo. Mkono unapopanda, kati ya nyuzi 60 na 120, kano inabeba mzigo mkubwa na nafasi inakuwa finyu. Ndiyo maana maumivu yanatokea katikati ya safari ya mkono na siyo mwanzoni.

Kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba mfupa wa juu ndio wenye kosa, kwamba unaikwaruza kano. Mwaka 1972, mpasuaji Mmarekani Charles Neer alieleza upasuaji wa kukata sehemu ya chini ya mfupa huo ili kuongeza nafasi, na upasuaji huo ulienea duniani. Lakini mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 313. Kundi moja lilikatwa mfupa, kundi la pili lilipasuliwa na kuangaliwa ndani tu bila kukatwa kitu, na kundi la tatu halikupasuliwa. Waliokatwa mfupa hawakupata nafuu kuliko wale walioangaliwa ndani tu, na tofauti kati yao na wasiopasuliwa ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa.

Matokeo hayo yaliimarisha maelezo mengine. Mara nyingi, kano inauma kwa sababu imepewa kazi kubwa kuliko nguvu iliyo nayo. Ama kazi iliongezeka ghafla, kama vile majuma mawili ya kupaka plafo baada ya miezi ya kupaka kuta, ama nguvu ya kano ilipungua kwa umri, kwa ugonjwa au kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Kano ni kitu hai. Ikipewa mzigo inaouweza, inazoea na kukaza. Ikinyimwa mzigo wote, inazidi kulegea. Hii ndiyo sababu kufunga mkono kwa kitambaa kwa majuma mengi kunamrudisha mtu kazini akiwa dhaifu kuliko alivyotoka.

Namna ya kutofautisha

Siyo kila bega linalouma lina ugonjwa huu. Mambo matatu yanasaidia kutofautisha, na mtu anaweza kuyajaribu nyumbani akisaidiwa na mwingine.

La kwanza ni kuangalia mkono unapoinuliwa na mtu mwingine. Mgonjwa analegeza mkono kabisa, msaidizi anaushika chini ya kiwiko na kuuinua polepole. Ukipanda karibu hadi juu, ingawa mgonjwa mwenyewe akiuinua anaumia, basi kiungo chenyewe kiko wazi na taabu iko kwenye kano na misuli. Lakini ikiwa hata msaidizi anakwama, na hasa ikiwa mkono hauwezi kuzunguka kwenda nje wakati kiwiko kimebana ubavu, huenda ni bega lililoganda. Hilo linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye ugonjwa wa sukari kuliko wengine. Linachukua muda mrefu zaidi na mazoezi yake ni mengine.

La pili ni nguvu. Katika kano iliyochokozwa, mkono una nguvu lakini unauma. Kama mkono ulioinuliwa unaanguka wenyewe mara msaidizi anapouachilia, au kama mtu alianguka kwenye pikipiki au ngazi na tangu siku ile hawezi kuuinua kabisa, kano inaweza kuwa imechanika. Huyo asianze mazoezi nyumbani. Anahitaji kuonwa na muganga wa mifupa ndani ya siku chache, kwa maana kano iliyochanika kwa ajali inashonwa vizuri zaidi mapema kuliko baada ya miezi.

La tatu ni mahali maumivu yanapofika. Maumivu ya kano hukaa upande wa nje wa mkono wa juu, na mara chache yanapita kiwiko. Yakishuka hadi vidole, yakiwa na ganzi au mchomo kama wa umeme, na yakibadilika mtu anapogeuza shingo, chanzo chake kinaweza kuwa shingoni.

Kuna dalili nyingine ambazo si za kungojea hata siku moja. Bega lenye joto, lililovimba, pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha ndani. Maumivu ya bega yanayokuja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kutoka moyoni. Mama ambaye siku zake zimechelewa, akiumwa tumbo na huku ncha ya bega inamuuma, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi na damu inamwagika tumboni. Hao wote wanapelekwa hospitali mara moja. Na mtu anayekonda bila sababu, mwenye maumivu yasiyopungua usiku na mchana hata akituliza mkono, achunguzwe kwanza kabla ya kuambiwa ni kano.

Picha ya radio ya mifupa mara nyingi haimwambii kitu mwenye kano iliyochokozwa, kwa sababu kano haionekani vizuri kwenye picha hiyo. Ekografia inaionyesha, lakini nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Watu wengi waliopita miaka 60 wana michaniko midogo katika kano za bega bila kuumwa chochote. Kwa hiyo mtu asiye na dalili za hatari hahitaji kutumia pesa za jikoni kwa picha kabla ya kuanza mazoezi.

Majuma kumi na mawili ya fundi wa rangi

Achukuliwe mfano wa fundi wa rangi mwenye miaka 44, mkaaji wa Kadutu, mjini Bukavu. Amepaka plafo ya jengo kubwa kwa majuma matatu, na bega lake la kulia limeanza kuuma. Msaidizi akiinua mkono wake, unafika juu. Akiuinua mwenyewe, unachoma katikati. Nguvu ipo, homa hakuna, hakuanguka. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, ambapo sifuri ni bila maumivu na kumi ni maumivu yasiyovumilika, yeye anasema sita wakati wa kazi na tano usiku.

Katika majuma mawili ya kwanza haachi kazi. Anaacha tu kazi ya juu ya bega. Anabadilishana na mwenzake: yeye anapaka kuta kuanzia kifuani kwenda chini, mwenzake anashika plafo. Usiku analala chali au kwa upande wa kushoto, na mto mdogo mbele ya kifua ili mkono wa kulia upate mahali pa kukaa.

Zoezi lake la kwanza halina mwendo. Anasimama ukutani, bega la kulia karibu na ukuta, kiwiko kimekunjwa na kimekaa ubavuni, ngumi inaelekea mbele. Anasukuma ukuta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayetaka kufungua mlango kwa nje, kwa nusu ya nguvu zake. Anahesabu hadi 30, anapumzika, kisha anarudia mpaka mara tano, asubuhi na jioni. Baada ya hapo anakaa mbele ya meza, anaweka mikono juu ya kitambaa na kukitelezesha mbele kadiri bega linavyoruhusu, mara kumi. Lengo ni kuifanya misuli ya nyuma iamke na bega lisigande.

Kuanzia juma la tatu mpira unaingia. Anafunga mkanda wa mpira wa tairi la baiskeli kwenye chuma cha dirisha, kwa kimo cha kiwiko. Anasimama ubavu wa kushoto ukiwa upande wa dirisha, anaweka kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko cha kulia na mbavu, na kuvuta mpira kwa mkono wa kulia kutoka tumboni kwenda nje. Kitambaa kikianguka, maana yake kiwiko kimetoka mahali pake na misuli mingine imeiba kazi. Anavuta kwa hesabu ya mbili na kurudisha kwa hesabu ya tatu. Kurudisha polepole ni nusu ya dawa, kwa sababu kano inajifunza kubeba mzigo pia inapoachia, siyo inapovuta tu.

Zoezi la pili ni kuvuta mpira kwa mikono yote miwili kuelekea mbavu, kama mvuvi anayevuta kamba ya wavu, huku mabapa ya bega yakikaribiana nyuma. La tatu ni kuinua mkono wenye chupa ya maji ya nusu lita, kidole gumba kikitazama juu, mkono ukienda kati ya mbele na kando. Katika majuma haya anasimama kabla ya kufika usawa wa bega.

Kila zoezi linafanywa mara 15, kisha pumziko la dakika moja, hadi mizunguko mitatu, mara mbili kwa siku. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Ndicho kilichotumiwa katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2012, kwa watu waliokuwa tayari kwenye orodha ya kupasuliwa bega: mara mbili kwa siku kwa majuma manane, halafu mara moja kwa siku kwa majuma manne. Baada ya miezi mitatu, katika kundi lililofanya mazoezi haya ya kukaza kano, mtu mmoja tu kati ya watano alichagua bado kupasuliwa. Katika kundi lililofanya mazoezi mepesi ya kawaida yasiyoongezwa mzigo, walikuwa zaidi ya sita kati ya kumi.

Kanuni ya maumivu ndiyo inayomwongoza. Wakati wa zoezi maumivu yanaruhusiwa, lakini yasipite tano kwa kumi, na lazima yawe yameshuka kabla ya zoezi linalofuata. Yakiwa chini ya hapo, anaendelea. Akiweza mizunguko yote mitatu kwa urahisi siku mbili mfululizo, anakunja mpira uwe mfupi au anajaza chupa ya lita moja. Asubuhi akiamka na bega linalouma kuliko jana, mzigo ulikuwa mkubwa, na siku hiyo anapunguza. Hapaswi kungoja maumivu yaishe kabisa ndipo aanze, na hapaswi kukaza meno.

Katika juma la nne mambo yanaharibika. Jirani anamwomba amsaidie kupigilia matole ya paa, naye anapiga nyundo juu ya kichwa chake kwa masaa manne. Usiku ule maumivu yanafika saba. Hapa wengi huamua kwamba mazoezi yamewadhuru, na wanaacha yote. Fundi anafanya jambo lingine: kwa siku tatu anarudia zoezi la ukuta lisilo na mwendo, kisha anarudi kwenye mpira kwa mizunguko miwili badala ya mitatu, na baada ya juma moja yuko tena alipokuwa. Kano haikuchanika. Ilipewa kwa alasiri moja kazi ambayo ingeiweza baada ya miezi miwili.

Juma la saba, mkono unaanza kupita usawa wa bega. Kwanza anatelezesha kitambaa ukutani kwenda juu, ukuta ukimsaidia kubeba uzito wa mkono. Baadaye anainua mkono bila ukuta, kisha na chupa ya nusu lita, hadi juu kabisa. Anaongeza zoezi la kusukuma ukuta kwa mikono miwili, na mwishoni mwa kila msukumo anasukuma zaidi kidogo, mpaka mgongo wa juu ujae kama wa paka aliyekasirika. Zoezi hilo linaamsha msuli unaogeuza bapa la bega kwenda juu. Bapa lisipogeuka, ncha yake inabaki chini na kano inabanwa.

Ni katika majuma haya ambapo kazi ya juu inarudi, nayo kwa kipimo. Dakika kumi za plafo, halafu dakika ishirini za kazi ya chini. Anapandisha jukwaa la mbao ili plafo iwe karibu naye, na anatumia rulo yenye mti mrefu, mikono yote miwili ikishika mbele ya kifua. Mti mrefu pekee unaweza kuondoa sehemu kubwa ya taabu, kwa maana mikono haipiti tena juu ya kichwa. Juma la kumi anafanya nusu saa kwa nusu saa.

Mwishoni mwa juma la kumi na mbili analala bila kuamka, na mkono ukipita katikati anahisi mbili kwa kumi. Hajapona kama mtoto. Lakini anafanya kazi yake. Anaendelea na mpira siku tatu kwa juma, maana nguvu iliyopatikana kwa miezi mitatu inaweza kupotea kwa kuacha miezi mitatu.

Vidonge na sindano vina nafasi gani?

Dawa za kutuliza maumivu zinaweza kusaidia mtu alale na aanze mazoezi, lakini hazikazi kano. Parasetamoli ni salama kwa wengi ikiwa mtu mzima hapiti gramu moja kwa mara moja, wala gramu nne kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe nyingi au mtu aliyekonda sana anahitaji kidogo zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi ya kupoza, lakini zikimezwa kwa majuma bila kuangaliwa zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha damu. Mama mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, na mzee anayemeza dawa za presha, wasizinunue bila kuuliza muganga.

Sindano ya kortizoni ndani ya bega inaweza kupunguza maumivu haraka, lakini nafuu yake ni ya majuma na siyo ya mwaka. Inafaa zaidi kwa mtu ambaye maumivu yanamzuia hata kuanza zoezi. Anayechomwa leo na kurudi kesho kwenye plafo, kwa sababu haumwi tena, anaibebesha kano mzigo uleule uliomwangusha. Kuchomwa tena na tena mahali pamoja kunaweza kuidhoofisha kano yenyewe.

Kikao kimoja kinaweza kutosha

Swali linalobaki kwa wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo ni la pesa na barabara. Kineziterapi ipo mijini. Mjini Bukavu kituo cha Heri Kwetu na mjini Goma kituo cha Shirika la Umoja vinajulikana kwa kazi ya kurudishia watu nguvu za viungo, na hospitali kubwa zina huduma hiyo. Lakini mtu wa Walungu au Masisi hawezi kuja kila juma kwa miezi mitatu.

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021 kwa watu 708 wenye taabu ya kano za bega, unatoa jibu la manufaa. Nusu yao waliongozwa na muganga wa kineziterapi hadi vikao sita. Wengine walipewa kikao kimoja tu, chenye maelezo mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na vikao vingi havikuonekana kushinda kikao kimoja. Sindano ya kortizoni nayo ilileta faida ndogo, iliyoonekana kwenye juma la nane tu.

Kwa hiyo mtu anayeweza kulipa safari moja aitumie vizuri. Amwombe muganga apime bega na kuondoa shaka ya mchaniko, bega lililoganda au shingo. Afanye kila zoezi mbele yake, ili makosa yarekebishwe hapohapo. Kosa linaloonekana zaidi ni kuinua bega lote kuelekea sikio mkono unapopanda. Aondoke na mpira wake mkononi, na karatasi yenye idadi ya mara na siku ambayo mzigo utaongezwa.

Kurudi kwa muganga kuna wakati wake. Majuma sita yakipita mtu akifanya mazoezi kweli, na hakuna kilichobadilika hata usiku, huenda ugonjwa ni mwingine au mzigo hauongezwi. Miezi mitatu ikipita na bado hawezi kazi yake, hapo ekografia inastahili bei yake, na mazungumzo na mpasuaji yana maana, hasa ikiwa mkono umepoteza nguvu. Kwa wengine wote, kazi ni ileile: mara 15, mizunguko mitatu, kurudisha mpira polepole, na kuangalia asubuhi bega linasema nini kabla ya kuongeza.